Mstari mmoja wa fundi umeme: uvutie au useme kazi?

Aliyeuliza, Kondele: Nina leseni ya umeme ya EPRA, mamlaka ya nishati, daraja C2. Nataka mstari mmoja wa kuweka kwenye WhatsApp na chini ya barua pepe. Nimeandika "Mwangaza wako, fahari yangu." Mume wangu ameupenda, dadangu anasema hausemi kitu. Nani ana haki?

Kontrakta, Kisumu: Dadako. Ukificha jina lako, mstari huo unaweza kuwa wa muuza mishumaa au wa mhubiri. Mimi kwa miaka miwili niliandika "Suluhisho la umeme wote," nikiwa na C2 kama wewe. Mwenye posho mili wa Luanda akaniita. Nafika, mota ni ya fezi tatu, na C2 ni ya fezi moja. Nauli ikaenda, naye akapoteza siku nzima ya kusaga. Mstari ndio uliomdanganya. Mimi ningeandika: "Fundi umeme, leseni ya EPRA C2. Natandaza waya za nyumba na kutafuta hitilafu. Kisumu, Kiboswa, Maseno." WhatsApp inakupa herufi 139, na huo unabakiza nafasi.

Kijana wa Milimani: Andika "Injinia wa umeme." Wateja wa huku huheshimu cheo. Na ufupishe, watu hawasomi.

Kontrakta, Kisumu: Kwa ufupi nakubali. Cheo hapana. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, jina hilo ni la aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Leseni ya EPRA ni kitu kingine kabisa.

Mwalimu, Nakuru: Mimi chini ya barua pepe huweka mstari wa Zaburi. Mzazi mmoja Mwislamu aliniuliza kwa upole kama ni msimamo wa shule. Nikauhamishia WhatsApp, kwenye barua nikaacha "Mwalimu wa Hisabati, Kidato cha 3 na 4." Lakini nauonea uchungu, ule mstari ndio unaonishika asubuhi.

Mama duka, Mbale: Picha ya nembo unaiwekaje hapo chini? Yangu haionekani.

Kontrakta, Kisumu: Mama, hilo ni jambo lingine, ila linamhusu aliyeuliza pia. Programu nyingi za barua huzuia picha mpaka msomaji aziruhusu. Daraja la leseni liandikwe kwa maandishi, lisikae ndani ya nembo.

Aliyeuliza: Nimeelewa. Ila mtu wa Kiboswa anajua C2 ni nini? Ninaogopa ataona herufi tu.

Kontrakta, Kisumu: Wengi hawajui. Mkaguzi na kontrakta mkubwa wanajua, na hao huleta kazi ya nyumba kumi kwa mpigo.

Dadake: Mteja wake ni mama aliyepigwa shoti na bomba la bafu. Kwake ningeanza na "natafuta hitilafu," leseni ije mwisho.

Aliyeuliza: Basi nitaandika miwili. Wa dada uende WhatsApp, wa kontrakta ukae kwenye barua pepe. Fahari yangu nimeitoa, mume bado hajaambiwa.