Ukoo wa Bibi Mwanahawa, Pongwe: gunia la kostiki

ALHAMISI

Shangazi Rukia 18:04
Assalaam alaykum ukoo. Kostiki imefika, gunia la kilo 25, liko barazani kwa Hamisi. Jumamosi alfajiri tunapika sabuni za shughuli, Athumani anachanganya kama siku zote. Mchango wa glavu na miwani bado watu saba. Mnajijua.

Shangazi Rukia 18:05
Hamisi tuma picha ya gunia watu waone hela yao.

Hamisi 18:31
[picha]
[picha]

Ba'mdogo Athumani 18:40
Waalaykum salaam. Hamisi baba, simu yangu ikifika hapo inanisomea "picha" basi. Na gunia hili si la yule muuzaji wetu wa siku zote. Niandikie karatasi yake yote ilivyo, na michoro unieleze ikoje. Siligusi kabla sijalijua.

Shangazi Rukia 18:41
Hamisi andika. Sasa hivi.

Juma 18:44
Ba'mdogo mchoro ni mkono unakula ubwabwa 😂😂😂

Ba'mdogo Athumani 18:46
Juma, hizo nyuso zako nasomewa moja moja. Ubwabwa wenyewe nimeusahau, nimebaki na machozi ya furaha mara tatu.

Hamisi 18:58
Ya Kiingereza, nimeiweka Kiswahili. ONYO. Kostiki kilo 25. Inaunguza ngozi. Vaa glavu. Ukimeza kunywa maziwa. Ikiingia machoni osha na maji dakika 5. Mchoro ni mkono unanawishwa. Chini kuna mchoro mwingine una namba 8. Pembeni 1823.

Shangazi Rukia 18:59
Ahsante mwanangu. Limeisha hilo. Haya michango.

Juma 19:02
8 ni watu wa kulibeba. 1823 ni mwaka lilipotoka kiwandani.

Shangazi Rukia 19:03
Juma wewe hata mchango hujatoa.

Dada Zai (maabara) 19:47
Shikamooni wakubwa. Ndio natoka zamu. Shangazi halijaisha. Nimezikuza zile picha, na alichoandika Hamisi sicho kilichopo.

Hamisi 19:49
Nimekosea nini? Nimesoma mstari kwa mstari.

Dada Zai (maabara) 19:56
Huo mkono hauoshwi. Ba'mdogo akisomewa "mkono unanawishwa" ataelewa karatasi inamwambia anawe, kumbe inamwonyesha mkono unaliwa. Ukimwelezea mtu asiyeona, sema kwanza macho yako yanaona nini, umbo, rangi, kitu kipo wapi. Maana ije baadaye na ujulikane kuwa ni maana. Wewe umeruka moja kwa moja kwenye maana, na maana yenyewe ikawa siyo.

Dada Zai (maabara) 20:01
Ba'mdogo, mchoro wa kwanza. Ni mraba uliosimamishwa kwenye pembe yake. Mstari wa pembeni mwekundu, ndani peupe, vilivyochorwa vyote vyeusi. Juu kuna mirija miwili ya kioo, kama ile ya kupimia damu ila mikubwa, imeinama inamwaga matone. Mmoja matone yake yanaangukia mkono, na mahali yanapoangukia mkono umemeguka. Wa pili yanaangukia kipande bapa, nacho kimelika shimo. Penye kulika panatoka vimistari vidogo vya kupanda juu.
Mwisho wa ninachokiona. Maana yake: kinachomwagwa kinakula mwili na kinakula metali.

Ba'mdogo Athumani 20:04
Kipande bapa. Hicho Hamisi hakukitaja kabisa.

Hamisi 20:05
Nilidhani ni meza 🙏

Ba'mdogo Athumani 20:07
Metali hata alumini?

Dada Zai (maabara) 20:09
Alumini ndiyo inaliwa haraka zaidi. Kostiki iliyolowa ikikutana na sufuria ya alumini inachemka, inatoa povu na hewa inayoshika moto.

Shangazi Rukia 20:10
Ahaaa.

Shangazi Rukia 20:10
AHAAAA. Leo ndiyo mnasema. Sufuria yangu kubwa ya shughuli ya Zuhura ilitoboka tako nikaambiwa mbele ya watu kuwa nilinunua feki. Nani alinilipa?

Mama Zuhura 20:12
Rukia hilo tulilimaliza mbele ya wazee.

Shangazi Rukia 20:12
Mlilimaliza nyinyi. Kumbe upo humu? Mchango wako sijauona.

Juma 20:13
Sufuria imepata wakili

Ba'mdogo Athumani 20:15
Dada, siku ile nilisikia sauti ya kuchemka na moto ulikuwa haujawashwa. Sasa najua ilikuwa nini. Tuendelee na karatasi kwanza. Zai, huo wenye 8?

Dada Zai (maabara) 20:19
Mraba vilevile kwenye pembe yake, ila huu hauna wekundu. Nusu ya juu nyeupe na ile picha ya mirija, mkono na kipande. Nusu ya chini nyeusi tupu, na kwenye pembe ya chini namba 8 nyeupe. Huo ni wa wenye malori na meli, 8 ni kundi la vitu vinavyokula. Pembeni pameandikwa UN 1823, herufi mbili, nafasi, kisha namba.

Ba'mdogo Athumani 20:21
Moja nane mbili tatu? Si nne mwishoni?

Dada Zai (maabara) 20:22
Tatu. 1823 ni kostiki kavu. Ingekuwa 1824 ni iliyokwisha yeyushwa kwenye maji.

Ba'mdogo Athumani 20:23
Ndiyo maana nauliza. Hamisi litikise gunia bila kulifungua.

Hamisi 20:26
Inalia kama chenga za kavu

Ba'mdogo Athumani 20:26
Sawa, hapo imekubaliana.

Mwanaisha Lushoto 20:30
Shikamooni. Zai na mimi nina dawa ya nyanya, chupa ina mstari wa bluu chini na vipicha vya buti na glavu. Bluu si ndiyo salama?

Dada Zai (maabara) 20:33
Hapana dada. Dawa za shamba ule ukanda wa rangi ndio unasema ukali wa sumu. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote, halafu njano, bluu, kijani. Bluu ni sumu pia, ila si ya juu. Nitumie pembeni, tusimchanganye Ba'mdogo.

Mwanaisha Lushoto 20:34
Mwenzangu mimi nimekuwa nainyunyizia na ndala

Juma 20:35
Ndala za bluu?

Shangazi Rukia 20:36
Mnaniharibia kikundi. JUMAMOSI TUNAPIKA AU HATUPIKI?

Hamisi 20:38
Zai na maziwa je? Kwani si ndiyo huduma ya kwanza? Tumekua tukiambiwa hivyo.

Dada Zai (maabara) 20:42
Tumeambiwa na nani si karatasi. Karatasi inasema suuza mdomo, usimtapishe. Ukiandika maziwa humo Ba'mdogo ataamini kiwanda kimesema. Na zile dakika 5 umezitoa wapi? Mstari wa macho umefutika kati, kinachosomeka ni "dakika kadhaa". Sisi maabara tunaoshea dakika 15 na zaidi, na hilo nalo silitii ndani ya maneno ya karatasi, nalisema nje. Palipochanika andika pamechanika.

Hamisi 20:43
Sasa si bora kujaza kuliko kuacha pengo?

Dada Zai (maabara) 20:44
Pengo anajua ni pengo, atauliza. Ulichojaza hatauliza.

Bibi Mwanahawa 20:51
[sauti 0:34]

Hamisi 20:55
Kwa ambao hamjafungua, Bibi anasema: "Mimi sikusoma, na mwanangu macho yamemwacha. Wote wawili tunategemea ulimi wa mwenye kuona. Yaliyotokea jikoni kwangu sitaki kuyaona tena. Gunia lisifunguliwe mpaka Athumani asomewe yote na aseme mwenyewe kuwa sawa. Si Rukia aseme. Athumani."

Mama Zuhura 20:57
Sawa mama.

Juma 21:02
Sawa Bibi. Shikamoo.

Shangazi Rukia 21:09
Sawa mama.

Dada Zai (maabara) 21:24
Ba'mdogo, nimeiweka kwenye ujumbe mmoja uweze kurudia. Kila jambo mstari wake. NAOMBA MTU ASIANDIKE KITU HAPA KATIKATI.

Dada Zai (maabara) 21:26
KARATASI YA GUNIA, MBELE.
Neno kubwa la juu: HATARI. Si onyo, onyo ni daraja la chini yake.
Jina: sodiamu haidroksaidi, chenga. NaOH.
Uzito: kilo 25.
Mchoro wa kwanza: mraba kwenye pembe, ukingo mwekundu. Mirija miwili inamwaga matone, mmoja juu ya mkono, mmoja juu ya kipande cha metali, vyote vinalika.
Mchoro wa pili: mraba kwenye pembe, juu nyeupe na picha ileile, chini nyeusi na namba 8.
Namba: UN 1823.
H290: Inaweza kula metali.
H314: Inaunguza vibaya ngozi na kuharibu macho.
Usivute vumbi lake.
Vaa glavu, nguo za kujikinga, kinga ya macho na ya uso.
Ikimezwa: suuza mdomo. Usimtapishe.
Ikigusa ngozi: vua mara moja nguo zote zilizopata, suuza ngozi kwa maji.
Ikiingia machoni: suuza kwa uangalifu kwa maji [pamefutika] dakika kadhaa [pamefutika] endelea kusuuza.
Piga simu mara moja kwa daktari.
Hifadhi pakiwa pamefungwa kwa kufuli.
Jina la mtengenezaji na simu: [pamechanika, zinaonekana herufi mbili za mwisho, "td"].
MWISHO WA KARATASI.

Juma 21:27
td ni tutakufa daima?

Shangazi Rukia 21:27
JUMA

Ba'mdogo Athumani 21:41
Nimesikiliza mara mbili. Mungu akubariki Zai. Sasa naiona. Mawili. Kwanza, sufuria yoyote ya alumini isisogezwe, nataka ndoo nene ya plastiki na mwiko wa mti. Na maji yatangulie ndooni, kostiki inafuata kidogo kidogo, hilo karatasi haikusema lakini kinyume chake inaruka usoni. Pili, gunia lisilo na jina la mwenyewe silipendi. Hamisi, geuza uangalie nyuma.

Hamisi 21:58
Nyuma kuna karatasi ndogo imebandikwa juu ya nyingine. Ya juu inasema NaOH. Ya chini naona pembe moja tu ya mraba, nyekundu.

Dada Zai (maabara) 22:00
Usibandue! Ukichana hatutajua tena. Mulika kwa ubavu uandike unachokiona, hata kama ni nusu ya herufi. Nataka kujua ndani ya huo mraba wa chini ni mirija au ni kitu kingine, kama ni moto, au fuvu, au samaki amelala kando ya mti mkavu.

Hamisi 22:04
Umeme umekatika. Nitaangalia asubuhi.

Shangazi Rukia 22:05
Simu yako haina tochi?

Hamisi 22:11
Chaji 4

Ba'mdogo Athumani 22:13
Asubuhi panatosha. Gunia liondoke barazani, watoto wanakaa hapo. Liwekwe juu ya mbao chumba cha uani, mlango ufungwe. Simsemi muuzaji vibaya, ila bado sijasema sawa.

Shangazi Rukia 22:15
Haya. Mahitaji ya Jumamosi IKIWA itakuwa Jumamosi. Glavu ndefu, miwani, ndoo nene ya plastiki. Ndoo nani anayo?

Juma 22:31
Ipo kubwa kwa Mama Zuhura

Mama Zuhura 22:33
Ipo. Aje aichukue.

Shangazi Rukia 22:40
Juma utaipitia wewe. Mimi huko siendi mpaka nijue habari ya sufuria yangu.

Juma 22:58
Jumamosi niko Muheza shangazi