Ushauri: nikichapisha kijitabu cha pampu yangu, nitakuwa nimeilinda?

FundiVali: Wakuu, nimebuni pampu ya maji ya mkono. Ndani kuna vali ya mpira inayorudishwa na springi, ukiacha kupampu maji hayashuki. Nimeandika kijitabu chenye michoro yote, na jina la pampu ninalo. Nikikichapisha wiki ijayo, si nitakuwa nimelinda kila kitu?

Kalamu_Nyeusi: Umelindwa. Hakimiliki inaanza yenyewe ukishaandika. Mtu akiunda pampu kwa kufuata michoro yako, mshitaki.

MzeeWaMadai: Kuanza yenyewe ni kweli. Hilo la kumshitaki aliyeunda pampu, hapana. Karne ya 19 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Baker na Selden. Selden alikuwa ameandika kitabu cha mfumo wake wa kutunza hesabu, Baker akatoa fomu za mfumo unaofanana. Mahakama ikasema kitabu kinalinda maelezo. Mfumo wenyewe ungehitaji hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiunde uvumbuzi wako. Kwa hiyo atakayenakili kurasa zako utambana, lakini atakayezisoma akaenda kuchomelea pampu hutamgusa.

Tena FundiVali, usichapishe kwanza! Hataza inataka kitu kipya, na kijitabu chako mwenyewe kinaweza kutumika kukukatalia. Marekani inakupa mwaka mmoja baada ya kuchapisha. Ulaya hawakupi nafasi hiyo. Peleka ombi kwanza.

Mama_Povu: Mimi wameniigia jina la sabuni, hadi rangi ya karatasi. Na mimi nikate hataza?

MzeeWaMadai: Hapana dada, lako ni alama ya biashara. Hiyo huhuishwa kila baada ya muda, hata miaka mia, mradi unaitumia. Hataza kwa kawaida inakoma miaka 20 tangu siku ya ombi, kisha yeyote anaunda.

FundiVali: Nimesimamisha uchapaji. Sasa nikipata hataza, pampu zote za mkono zenye vali zitakuwa chini yangu?

MzeeWaMadai: Zitakuwa chini yako zile tu zinazoingia kwenye madai, zile sentensi zenye namba mwishoni mwa ombi. Ukiandika "vali ya mpira inayorudishwa na springi", mwenzako ataweka gololi inayoshuka kwa uzito wake, na huenda akapita. Ukiandika "vali yoyote inayozuia maji kurudi", mkaguzi atakuonyesha pampu za zamani zenye vali hiyo na kukukatalia. Eleza springi yako imekaaje na inafanya nini ambacho za zamani hazifanyi. Hapo ndipo penye uvumbuzi wako.

FundiVali: Kuna mafundi wawili niliwafungulia pampu wakaiona ndani. Hatukuandikiana kitu.

Kalamu_Nyeusi: Wawili tu si umma, pampu bado ni kitu kipya.

MzeeWaMadai: Sikubaliani. Hata mmoja anatosha kuondoa huo upya kama hakuwa na wajibu wa kutunza siri. Uliwaambia ni siri? Kabla hujajaza fomu, mpelekee wakili wa hataza swali hilo.