Rejesho la mkopo ni lilelile kila mwezi: hii 94,560 imetoka wapi?

MwenyeDuka
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijasaini. Nachukua mkopo wa 1,000,000 kuongeza bidhaa dukani, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Rejesho ni 94,560 kila mwezi. Mimi nikigawa 1,000,000 kwa 12 napata 83,333, nikiongeza riba ya 20,000 inafika 103,333. Afisa mikopo akasema kila rejesho linarudishwa kwenye thamani ya leo, kisha yote yanajumlishwa kama mfululizo wa kijiometri. Hapo ndipo aliponiacha.

Kalamu Nyekundu
103,333 ni sahihi, ila kwa mwezi wa kwanza tu. Deni linashuka 83,333 kila mwezi na riba inashuka nalo, hadi rejesho la mwisho linakuwa 85,000. Jumla ya riba ni 130,000. Wao wanachukua 134,720. Wamekupiga 4,720.

Afisa wa Dirisha la Pili
Kalamu, hesabu yako ni sahihi kwa mkopo wa aina nyingine, ule ambao deni hupungua kwa kiasi kilekile na rejesho ndilo hubadilika. Wa MwenyeDuka rejesho limesimama. Mwanzoni analipa pungufu ya 103,333, kwa hiyo deni linakaa kubwa kwa muda mrefu kidogo na riba inaongezeka. Hiyo 4,720 ndiyo bei ya wepesi wa miezi ya mwanzo.

MwenyeDuka, anzia hapa. Kwa riba ya asilimia 2, 1 utakayolipa mwezi ujao ina thamani ya 1 ÷ 1.02 leo, yaani 0.9804. Ya mwezi wa pili unaigawa tena kwa 1.02, unapata 0.9612. Endelea hivyo hadi ya mwezi wa 12, ambayo ni 0.7885. Ukijumlisha zote 12 unapata 10.5753. Maana yake, kulipa 1 kila mwezi kwa miezi 12 kunatosha mkopo wa 10.5753 leo. Wewe unataka 1,000,000, basi igawe kwa 10.5753: 94,560.

Huna haja ya kujumlisha moja moja. Zidisha orodha nzima kwa 1.02 na kila namba itachukua nafasi ya iliyoitangulia: 0.9804 inakuwa 1, 0.9612 inakuwa 0.9804. Toa orodha ya zamani kwenye mpya. Za katikati zote zinafutana, inabaki 1 − 0.7885 = 0.2115. Tofauti hiyo ni asilimia 2 ya jumla unayoitafuta, kwa hiyo igawe kwa 0.02. Kwenye Excel:

```
=PMT(0.02,12,-1000000)
```

Kosa la kawaida ni kuweka 0.24 ya mwaka mahali pa 0.02 huku miezi ikibaki 12. Rejesho likikutoka zaidi ya 250,000, umeanguka hapo.

Jihakikishie kwa mkono. Mwezi wa kwanza riba ni 20,000, deni linapungua 74,560, linabaki 925,440. Mwezi wa pili riba ni 18,509, deni linapungua 76,051. Ukifika mwezi wa 12 deni linaisha, labda kwa tofauti ndogo ya kukadiria senti.

Mama Rafu
Basi ndiyo maana! Nina mkopo wa masharti hayohayo, nimelipa miezi 6, nikaenda kuumaliza nikiwa na 500,000. Wakaniambia deni ni karibu 529,670. Niligomba sana.

Afisa wa Dirisha la Pili
Hawakukosea. Hiyo ni thamani ya leo ya marejesho 6 yaliyobaki: 94,560 × 5.6014. Ungegomba kama wangedai 567,360, yaani 94,560 mara 6, kwa sababu hapo wangekutoza riba ya miezi ambayo hutakaa na hela yao. Adhabu ya kulipa mapema ni jambo jingine, isome kwenye mkataba.

MwenyeDuka
Nimeelewa, asante sana. Ila kuna ada ya asilimia 3 inayokatwa mwanzoni. Mkononi napokea 970,000.

Afisa wa Dirisha la Pili
Hilo ungelitaja mwanzo kabisa. Gawa 970,000 kwa 94,560, unapata 10.258. Sasa tafuta riba inayotoa jumla hiyo kwa miezi 12. Jaribu asilimia 2.5: inatoa 10.2578. Kwa hiyo hela unayoitumia kweli inakugharimu asilimia 2.5 kwa mwezi.

Kalamu Nyekundu
Ada si riba lakini. Ni malipo ya kushughulikia faili.

Afisa wa Dirisha la Pili
Kwenye vitabu vya mkopeshaji, sawa. Mfukoni mwa mkopaji sioni tofauti. MwenyeDuka, ukilinganisha na mkopeshaji mwingine, weka kiasi unachopokea, si kilichoandikwa.

MwenyeDuka
Na wakikubali kuniongezea ada kwenye deni badala ya kuikata?