Naomba ushauri: mgeni katoa nyota mbili, na lawama zake nusu ni za kweli

Habari zenu wakuu. Nina apatimenti ya vyumba viwili Nyali, Mombasa, ninayoipangisha kupitia Airbnb, na kuna maoni ya mgeni yamenikwamisha. Kaandika: "Maji ya bafuni yana chumvi, sabuni haitoi povu. Umeme ulipokatika usiku tulilala na joto. Tangazo ni la uongo."

Maji ni ya kisima, na kweli tangazo halikusema. Jenereta ya jengo nayo inabeba taa za ngazi na lifti tu.

Katika rasimu ya kwanza ya jibu langu nilieleza kwamba majirani wote wana maji hayohayo. Nikaifuta, maana ilisomeka kama ubishi, na atakayeisoma hasa ni mgeni ajaye. Ya pili ni hii: "Asante kwa kutueleza. Ni kweli maji ya bafuni ni ya kisima, na tulipaswa kusema mapema. Sasa tangazo linaeleza hivyo, na kila chumba kina feni ya kuchaji. Pole kwa usiku ule wa joto."

Neno "uongo" sijaligusa. Je, nilinyamazie, au kimya kitaonekana kukiri?

La pili ni sifa za wageni wengine. Wote nimewajibu "Asante, karibu tena", na zikifuatana sita zinaonekana kama muhuri. Nimjibu kila mmoja, au yule tu aliyetaja kitu, kama huyu aliyesifu upepo wa barazani?

Airbnb inatoa siku 30 za kujibu. Zangu zimebaki tisa.