Shilingi 1,850 zinatosha kumfanya mtu mdaiwa sugu?

Mchuuzi wa Mwaloni: Nimeomba mkopo wa kununulia dagaa, benki imenikatalia. Eti nadaiwa 1,850 za mkopo wa simu wa mwaka juzi. Ni haki kuorodheshwa kwa hela hiyo? Na nikilipa, jina linatoka?

Kijana wa Kirumba: Si haki hata kidogo. Kenya waliliona hilo tangu 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 zao haliorodheshwi. Wewe lipa tu, mfumo utakufuta wenyewe.

Afisa mikopo wa zamani, Nyegezi: Ya Kenya ni kweli, ila kanuni yao haivuki mpaka wa Sirari kuja kwetu Tanzania. Na mfumo haumfuti mtu wenyewe. Taasisi ya taarifa za mikopo inaonyesha kile alichopeleka mkopeshaji, kwa hiyo marekebisho yanaanzia kwake.

Chukua kwanza ripoti yako, uone jina la mkopeshaji, namba ya mkopo na salio. Kisha, kabla hujatuma hela, mwombe kwa maandishi salio la kufunga mkopo la siku hiyo. Nilikuwa na mteja wa Igoma aliyeambiwa 2,300, akalipa kesho yake jioni. Riba ilikuwa imeongeza shilingi 40. Mkopo ukaendelea kusomeka haujafungwa, na yeye akijua amemaliza! Vijideni hivi vingi huzaliwa hivyo.

Alipomalizia zile 40, alidai barua ya kumaliza deni yenye namba ileile ya mkopo. Akasubiri mkopeshaji apeleke taarifa za mwisho wa mwezi, akachukua ripoti mpya: salio sifuri, mkopo umefungwa. Lakini siku alizochelewa zilibaki zimeandikwa. Kinachofutwa kabisa ni taarifa ya uongo, mfano mkopo ambao hukuchukua. Hapo unaweka pingamizi na vielelezo vyako.

Mama Ntilie, Igogo: Mimi nilimdhamini shemeji, yeye akahamia Geita. Nikilipa nusu yangu nitatoka?

Afisa mikopo wa zamani: Lako ni jingine, dada yangu. Soma mkataba uliosaini, mara nyingi mdhamini anabeba deni lote, hakuna nusu.

Kijana wa Kirumba: Basi kwa madeni ya chini ya 5,000, hata hizo siku za kuchelewa zifutwe mtu akishalipa.

Afisa mikopo wa zamani: Hapo sikuungi mkono. Nimeona mtu mmoja ana vimikopo sita vya namna hiyo, vyote vimechelewa. Anayemkopesha wa saba ana haki ya kujua.

Mchuuzi wa Mwaloni: Mimi ninacho kimoja tu, kaka. Na ujumbe wa kunikumbusha ulikwenda kwenye laini iliyozama na simu yangu pale Kayenze. Jumatatu naenda kuomba salio kwa maandishi. Lakini kabla ya kuniandika, hawakupaswa kuhakikisha wamenipata?