Zoni za mapigo: tatu au tano? Saa mbili, moyo mmoja, majibu mawili

Loleza_Asubuhi
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Shemeji yangu anarudi kutoka Dubai Ijumaa, kasema ataniletea saa ya mazoezi mradi nimtajie jina kabla ya Alhamisi. Niko kati ya Garmin na Suunto. Halafu kuna jirani hapa Soweto ananisukumia Fitbit yake ya zamani, ile ya zoni tatu, kwa bei ya kutupa.

Kinachonichanganya ni hiki. Jumapili tumekimbia na wenzangu kutoka Mwanjelwa hadi Uyole, mwendo wa kupiga soga. Kwenda nilivaa Garmin ya mmoja wao: 140, zoni ya 3, kijani. Kurudi nikavaa Suunto ya mwingine: 140 hiyo hiyo, zoni ya 2. Ipi inanidanganya?

Dereva_Makambako
Chukua Garmin ufunge mjadala. Mimi ninayo mwaka wa tatu, inanyeshewa, inapigwa vumbi, haijawahi kuniangusha.

MamaWatatu_Tukuyu
Mwanangu, 140 wakati unapiga soga? Mimi ilipofika 140 daktari aliniandikia vidonge siku hiyo hiyo. Achana na saa, nenda kapime.

Loleza_Asubuhi
Shikamoo mama. Hayo ni mapigo ya moyo, siyo presha. Ila asante.

Kamwene_Kihesa
Kamwene wote. Mkuu, umeuliza swali ukaacha nusu yake mfukoni. Una miaka mingapi? Asubuhi kabla hujatoka kitandani moyo unapiga ngapi? Umewahi kuona ngapi ukiwa umekimbia mpaka mwisho wa uwezo? Na hizo saa zilikuwa zimewekewa umri wa nani?

Chuma_wa_Gym
Hesabu ni rahisi, 220 toa umri wako. Zoni tano ni sahihi zaidi kwa sababu zinakata vipande vidogo. Tatu ni za wazee. Wewe kaa zoni ya 2, ndiyo inayochoma mafuta, basi.

Loleza_Asubuhi
Dada Kihesa, nina 40. Wenye saa ni 40 pia, tulisoma darasa moja. Asubuhi napata 52. Juu kabisa ni 192, nilipandisha Kawetere na mkanda wa kifuani wa kuazima, nikafika juu sioni vizuri. Najiandaa kwa nusu marathoni.

Kamwene_Kihesa
Sasa tunaweza kuongea. Hakuna iliyokudanganya, kila moja imekata keki mahali pake.

Garmin ikitoka dukani inafanya alichosema Chuma. Inachukua 220, inatoa 40, inabaki 180, kisha inakata kwa kumi kumi: 50, 60, 70, 80, 90. Hiyo 140 ni asilimia 78 ya 180, kwa hiyo imeangukia kati ya 70 na 80, zoni ya 3. Suunto nayo inaanza na 180 hiyo hiyo, ila mipaka yake ni 72, 82, 87 na 92. Asilimia 78 huko bado ni zoni ya 2. Mikato hiyo inafanana na ile ya Olympiatoppen, wale wanaosimamia michezo ya juu kule Norwe. Zoni za chini ni pana, za juu ni nyembamba, kwa sababu mwanariadha anaishi chini na anapita juu kwa dakika chache tu.

Halafu 180 yenyewe siyo yako. Wewe umefika 192. Hiyo kanuni ya 220 ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kupishana nayo kwa mapigo kumi na zaidi, juu au chini.

Kwenye Garmin ingia mipangilio ya zoni, weka 192 na 52, kisha badilisha kutoka `%Max. HR` kwenda `%HRR`. Sasa inahesabu nafasi iliyopo kati ya kupumzika na kufika mwisho. 192 toa 52 ni 140. Mapigo yako 140 yako 88 juu ya 52, yaani asilimia 63 ya nafasi hiyo. Zoni ya 2. Saa ile ile, moyo ule ule, umeshuka zoni bila kupunguza mwendo.

Chuma_wa_Gym
Kwa hiyo tano ndiyo bora, nilisema.

Kamwene_Kihesa
Tano ni nzuri kwa kupanga kazi: leo dakika 45 zoni ya 2, keshokutwa vipande vinne vya zoni ya 4. Lakini mwili haubadiliki kila baada ya asilimia kumi. Zile tatu za makocha, anazozitumia Stephen Seiler kwenye tafiti zake, zimesimama kwenye vizingiti viwili vya mwili. Chini ya cha kwanza unamaliza sentensi nzima. Katikati unatoa maneno mawili matatu. Juu ya cha pili huongei. Kazi yake ni kukuonyesha mwisho wa mwezi ulikaa wapi, maana wengi wetu tunajazana katikati: kwa mazoezi mepesi ni ngumu mno, kwa magumu ni laini mno.

Na mtego uko kwenye Fitbit ya jirani. Tatu zake siyo hizo. Zile za zamani zilikatwa kwa asilimia tu, ya kati ikianzia 70 hadi 84. Mbio zako za soga zingewekwa katikati, wakati kwa kocha bado uko zoni ya 1.

Loleza_Asubuhi
Kweli, soga zilianza kukatika nilipogusa 150 hivi, kwenye kamlima kabla ya Uyole.

Kamwene_Kihesa
Hicho ndicho kizingiti chako cha kwanza kwa makadirio. Asilimia 70 ya ile nafasi ukijumlisha 52 inakupa 150. Imeangukia vizuri kwako, mwingine isingemwangukia hivyo.

Baridi_ya_Njombe
Mnabishana mipaka, namba yenyewe mna uhakika nayo? Mwaka juzi mwezi wa saba, saa 12 asubuhi, baridi ya kwetu mnaijua, nilikuwa najikokota huku nasalimiana na watu wa maziwa. Saa inasoma 174. Nikatembea, ikashuka ghafla mpaka 110. Nikakimbia, 174 tena, haipandi haishuki. Wiki mbili hivyo, zoni ya 5 kila siku. Mke wangu akanipiga marufuku kukimbia. Nikaenda hospitali, nikalala na nyaya kifuani, foleni kutwa nzima, moyo mzima kabisa. Kijana mmoja ndiye aliniambia nihesabu hatua zangu kwa dakika. 174! Saa ilikuwa inahesabu miguu. Mkono ukipoa damu inapungua kwenye ngozi, ile taa ya kijani inakosa cha kusoma, inadaka mtikisiko wa mkono. Mkanda wa kifuani ukamaliza kesi.

Dereva_Makambako
Ulivaa imelegea tu.

Baridi_ya_Njombe
Niliikaza mpaka ikaniachia alama. Njoo Julai tukimbie wote.

Chuma_wa_Gym
Mkanda unachubua na unanuka. Halafu sehemu kubwa ya hizo Garmin za bei poa ni feki, hilo hamlisemi.

Dereva_Makambako
Yangu ina risiti. Nikuletee?

Loleza_Asubuhi
Wakuu, tulieni. Shemeji kapiga simu sasa hivi, mbili zote kwa bajeti yangu zimeisha dukani. Kaona Coros. Anasema kwenye skrini amehesabu zoni sita. Nani anayo?