Utani uleule kila wiki: ni ufundi au uvivu?

Swali: Mchezo wa redio ninaoufuata una mhusika anayepatwa na jambo lilelile karibu kila kipindi, na kila mara watu wanacheka. Mimi nimechoka. Waandishi wanaorudia kichekesho kimoja miaka nenda miaka rudi ni wavivu, au kuna ufundi nisiouona?

Sikio Moja: Uvivu mtupu. Watu hucheka walichokizoea, basi. Mpe mhusika msemo wowote, aurudie mara ishirini, watacheka tu. Hakuna kazi hapo.

Mtunga Michezo: Kuzoea kunasaidia, hapo uko sahihi. Ila ukikomea kwenye kurudia tu, msikilizaji atakukimbia kama aliyeuliza alivyochoka. Tazama kabati la *Fibber McGee and Molly*, mchezo wa redio wa NBC huko Marekani kuhusu McGee na mkewe Molly. Tarehe 5 Machi 1940 Molly alifungua kabati akitafuta kamusi, vitu vyote vikamporomokea. Mara ya kwanza kinachochekesha ni kile kishindo chenyewe, na hata mgeni anakielewa. Baadaye mambo yakageuka. McGee akisema tu kwamba kitu fulani kimo kabatini, Molly anamkataza asifungue, na msikilizaji tayari anacheka mlango ukiwa bado umefungwa. Kicheko kimehama: kilikuwa baada ya tukio, sasa kiko kabla yake. Hiyo ndiyo dalili ninayoisikiliza mimi kwenye mazoezi. Watu wakianza kucheka mapema, wameshajifunza. Kuanzia hapo mwandishi ana mali ya kuchezea.

Sikio Moja: Lakini kishindo ni kilekile.

Mtunga Michezo: Kishindo ndiyo, anayefungua siyo. Kuna kipindi mwizi anamfunga McGee kamba na kudai vyombo vya fedha. McGee anamwelekeza: viko nyuma ya mlango ule pale. Hebu fikiria ulivyokaa hapo karibu na redio. Wewe unajua, McGee anajua, mwizi peke yake hajui. Anafungua, anafukiwa. Mtu aliyewasha redio siku hiyo kwa mara ya kwanza atasikia ajali. Wewe umesikia mtego. Tena hawakulifungua kila wiki, na hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu lazima msikilizaji abaki akijiuliza kama leo litafunguliwa.

Mama wa Watatu: Mimi siungi mkono utani wa kurudiarudia hata kidogo. Kazini kwangu nilitaniwa kuhusu jambo moja kwa miaka miwili. Wao kila siku walicheka zaidi, mimi kila siku niliumia zaidi. Anayesema utani unakua atuambie unamkulia nani.

Mtunga Michezo: Pole sana, dada. Hilo la kazini ni jambo jingine, maana hukuchagua kuwamo. Lakini umegusa kitu. Vichekesho vya aina hii vinavyodumu huangukia mara nyingi kwa mhusika mkuu mwenyewe, na kwa kosa lake mwenyewe. McGee ndiye aliyelijaza lile kabati.

Fundi Sauti: Niongeze la upande wetu. Redio haina picha, kwa hiyo msikilizaji hana njia ya kuona kwamba vitu vimekwisha kuanguka. Maporomoko ya kabati lile yalimalizikia kwenye mlio wa kikengele kidogo. Vizito vinaanguka, vinafuata vyepesi, halafu *ting*. Hiyo ndiyo nukta ya sentensi. Nimewahi kutengeneza maporomoko kama hayo bila alama ya mwisho, na waigizaji wakaanza kusema watu wakiwa bado wanacheka kwa sababu hakuna aliyejua lini kishindo kimekwisha. Kitu kinachorudiwa kinahitaji umbo ambalo sikio linalishika. Ukibadilisha milio yote kila wiki, hakuna atakachojifunza mtu.

Mtunga Michezo: Na umbo likishashikwa, hata kimya kinatosha. Jack Benny, mchekeshaji wa redio wa Marekani, alijenga sifa ya ubahili hewani tangu 1932. Mwaka 1948 jambazi akamwambia: pesa zako au uhai wako. Benny kimya. Watu wakacheka juu ya kimya hicho. Jambazi akamhimiza, naye akajibu kwamba bado anafikiria. Mwondolee ile miaka ya nyuma, kimya kile ni mtu aliyesahau mstari wake.

Aliyeuliza: Nimerudi kusikiliza tena. Kwetu mhusika ni yuleyule, kosa ni lilelile, na anayedhurika ni yuleyule. Hakuna kilichosogea. Lakini kuna jambo sikulitaja: mimi husikiliza vipindi sita kwa mkupuo. Huenda ile wiki ya kusubiri kati ya kipindi na kipindi ndiyo niliyoikosa.

Fundi Sauti: Mimi naamini hivyo. Pengo ni sehemu ya kichekesho.

Mtunga Michezo: Hapo sikubaliani. Anayesikiliza sita mfululizo anajifunza umbo haraka zaidi, kwa hiyo mwandishi alitakiwa aanze kuligeuza kwenye kipindi cha tatu.